Ukitoka chooni, sabuni mkononi: skripti ya dakika sita kwa watazamaji wa kijijini

*Mwalimu, shikamoo. Niko Temeke, nimepewa kazi na shirika dogo ya kutengeneza video ya dakika sita kuhusu kunawa mikono, itakayoonyeshwa vijiji vya Rufiji. Skripti ya kwanza imekaa kama hotuba. Ya pili nimeweka mtoto anayekufa kwa kuhara, lakini moyo haujaridhika. Wenye kazi wanataka nyakati zote tano za kunawa ziwemo, na ujumbe urudiwe. Hadithi nyepesi naiandikaje, na ujumbe naurudiaje bila kuwachosha watu?*

Marahaba, mwanangu.

Nyakati zote tano zina haki yake: baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto. Ila zikiingia zote ndani ya dakika sita utakuwa umeandika bango la zahanati linalotembea. Mtazamaji atatoka amebeba kitu kimoja tu, nacho ni "wamesema tunawe mikono", jambo analolijua tangu utotoni. Chagua wakati mmoja. Mimi ningechukua kutoka chooni, kwa sababu vijidudu vingi vya kuhara na kipindupindu asili yake ni kinyesi, na ukivizuia pale mlangoni mwa choo umevizuia kabla havijafika kwenye sufuria, kikombe na mkono wa mtoto. Waambie wenye kazi kwamba kumtawaza mtoto ni video ya pili, tena inastahili ya peke yake, maana wazazi wengi huamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara na imani hiyo haiondoki kwa sentensi moja iliyochomekwa.

Ukishachagua wakati, tazama kwa makini kinachotokea wakati huo Rufiji, si kinachotokea kwenye vitabu. Watu wa Pwani wengi hujisafisha kwa maji chooni. Mtu anatoka na kopo, mikono imelowa, anaikung'uta, na ndani ya nafsi yake ameshanawa. Kosa lenyewe unaloliandikia skripti ndilo hilo. Hakuna mtu pale anayepinga usafi, na wengi wao wana udhu mara tano kwa siku. Tatizo ni kwamba maji matupu hayaondoi vizuri uchafu uliokaa kwenye mafuta ya ngozi na chini ya kucha. Sabuni ndiyo inayouachia ili maji yaubebe. Kwa hiyo neno la kurudiwa si "kunawa" wala "maji". Neno ni sabuni.

Na sabuni wanayo. Ukiingia karibu nyumba yoyote utakuta kipande cha sabuni ya mche cha kufulia, au sabuni ya unga ya vyombo. Tena utaona watu wakinawa kwa sabuni vizuri kabisa baada ya kula, mikono itoke harufu ya samaki. Kinachowashinda ni mahali. Sabuni imefichwa ndani, chini ya kitanda au juu ya kabati, kwa kuwa ikiachwa nje kunguru anaipitia, mvua inaiyeyusha, au jirani anaiazima bila kuomba. Choo kiko nyuma ya nyumba. Kati ya choo na sabuni kuna jiko, kuna mtoto analia, kuna mgeni anabisha hodi. Mkono unashika kitu kingine kabla haujafika ndani.

Hapo umeshapata hadithi. Ni hadithi ya sabuni kuhama kutoka chini ya kitanda hadi mlangoni mwa choo. Mtazamaji haambiwi kwamba yeye ni mchafu. Anaonyeshwa kwamba sabuni yake imekaa mbali.

Kuhusu yule mtoto anayekufa, mtoe, na moyo wako haukukosea. Kwanza, katika umati wa kijiji watakuwepo akina mama waliozika watoto kwa kuhara, na wewe utakuwa umewasimamisha mbele ya jirani zao na kuwaambia wao ndio waliosababisha. Watafunga masikio, na wana haki. Pili, hofu ya ugonjwa haidumu na haimkumbushi mtu saa anapotoka chooni, kwa sababu kuhara hakuji papo hapo. Kunakuja kesho au keshokutwa, na watu wana maelezo mengine: mtoto anaota meno, amebadilishiwa chakula, ni msimu wa maembe. Kinyaa, kwa upande wake, kinakuja sekunde ileile. Mwaka 2011 watafiti walijaribu jambo hili katika vijiji 14 vya Andhra Pradesh, India. Kampeni yao haikuhubiri magonjwa. Ilishika kinyaa, heshima ya mama anayelea vizuri, na kuona kwamba watu wengine nao wananawa. Mwanzoni waliokuwa wakinawa kwa sabuni kwenye nyakati muhimu walikuwa asilimia 1 au 2 tu. Miezi sita baadaye, vijiji vilivyopata kampeni vilifika asilimia 37, na vile ambavyo havijaipata vilikuwa asilimia 6. Kiwango hicho kimetoka mbali ingawa hakijafika nusu, na ni vizuri wenye kazi walijue hilo kabla hawajakuandikia lengo la asilimia 90.

Sasa tuandike. Mhusika mkuu ni Zuhura, mke kijana mwenye nyumba safi, mtu ambaye kila mwanamke uwanjani angependa kufanana naye. Usimfanye mjinga. Mumewe ni Bakari, mtoto wao Sele wa miaka saba, na mama yake Bakari ni Bibi Mwanahawa, anayeshinda barazani akisuka ukili, akiona kila anayekwenda na kurudi kutoka chooni. Siku yenyewe wanatarajiwa wageni wa posa ya mdogo wake Bakari. Nimechagua posa kwa sababu siku hiyo heshima ya nyumba iko wazi mbele ya watu, na kila mtazamaji anajua uzito wake bila kuelezwa.

Nani aseme ujumbe? Skripti nyingi za Dar humpa mtoto aliyefundishwa shuleni, anarudi nyumbani kumkosoa mama yake. Kijijini hilo linaumiza video nzima. Wazee watamwona mtoto amekosa adabu na watasimama upande wa mama. Afisa afya mwenye kalamu mfukoni naye atasikilizwa kwa heshima na kusahauliwa kwa heshima. Mpe Bibi. Bibi na mjukuu wana utani, na ndani ya utani bibi anaweza kumwambia mjukuu neno lolote, na mjukuu anaweza kumrudishia bila kuvunja adabu.

Ujumbe ukae kwenye vina na mizani, uwe swali na jibu, maana watu wetu wamezoea kuitikia. Mimi ningeuandika hivi:

Ukitoka chooni?
Sabuni mkononi!

Mizani saba kwa saba, kina kimoja, na sabuni imo. Usiongeze neno. Ukisema "Ukitoka chooni kumbuka kunawa kwa sabuni na maji safi yanayotiririka" umesema kweli yote na hakuna mtoto atakayeiimba njiani.

Kuhusu kurudia, makosa mengi yanatokana na kudhani kurudia ni kumpa msimulizi sentensi ileile mara nane. Ujumbe unachosha pale unaporudi bila kubadilika kazi. Kila unaporudi, anayesema awe mwingine, au hali iwe nyingine, au nusu yake ikosekane. Fuatana nami dakika kwa dakika.

Dakika ya kwanza, Sele anatoka chooni mbio. Bibi, bila kuinua macho kwenye ukili, anaita: "Ukitoka chooni?" Sele anajibu kwa sauti huku akigeuza njia, anaingia ndani, anapiga magoti, anatoa sabuni chini ya kitanda, anarudi nayo nje kunawa. Bibi analalamikia kunguru aliyebeba kipande cha jana. Tumejifunza wimbo na tumejua sabuni inakaa wapi, na hakuna aliyehubiriwa.

Dakika ya pili anatoka Bakari. Bibi anaita vilevile. Bakari anacheka: "Sabuni iko ndani, mama," anapangusa mikono kwenye kaptula na kwenda kumpa mkono jirani aliyeleta mkungu wa ndizi. Jirani anamenya ndizi moja, anakula. Kamera inabaki kwenye ule mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida, basi. Ujumbe umekuja nusu, na watazamaji wataijaza ile nusu wenyewe.

Dakika ya tatu ndiyo moyo wa video, na ndani yake hakuna anayemwambia Zuhura ujumbe. Zuhura anatengeneza kachumbari ya pilau la wageni. Vitunguu vimekatwa, vimenyunyiziwa chumvi, vinasubiri kukandwa kwa mkono. Nimechagua kachumbari kwa makusudi. Ukiandika maandazi, mzee mmoja nyuma atasema mafuta ya moto yanaua vijidudu vyote, atakuwa amesema kweli, na video yako imekwisha. Kachumbari haipikwi. Kilichoingia na mkono kinafika mezani. Tena kila anayepika anajua mkono unavyozama kwenye vitunguu na chumvi, maji yakitoka katikati ya vidole. Huhitaji kumchorea kijidudu chenye meno. Ukichora, watoto watacheka na watu wazima watasema kwao wadudu wa namna hiyo hawapo.

Nakuandikia sini hii nzima uone inavyokaa kwenye karatasi:

SINI YA 3. NJE, UANI KWA ZUHURA. MCHANA.

Bakuli la vitunguu juu ya kigoda. Zuhura ananyunyiza chumvi, anasimama, anachukua kopo la maji, anaelekea chooni. Pale barazani Bibi hayupo, ukili umeachwa juu ya mkeka.

Bakuli peke yake. Kuku anakaribia, anafukuzwa na upepo wa pazia.

Zuhura anatoka chooni. Anaweka kopo chini. Mikono imelowa, anaikung'uta mara mbili. Anatazama mlango wa nyumba, upande wa pili wa uwanja.

SAUTI YA MSHENGA (kutoka barabarani)
Hodi wenyewe! Hodi!

ZUHURA
Karibuni! Karibuni, nakuja!

Anatazama mlango tena. Anatazama bakuli. Anapiga magoti, anaingiza mkono kwenye vitunguu.

SHOTI YA KARIBU: vidole vinakanda. Maji ya vitunguu yanapita kati ya vidole. Hakuna muziki. Sekunde tano.

SAUTI YA SELE (nyuma ya ukuta, anacheza na mwenzake)
Ukitoka chooni?

SAUTI YA MTOTO WA PILI
Sabuni mkononi!

Mkono unasimama ndani ya bakuli.

Zuhura anautoa, anautazama. Uso wake unajikunja. Anachukua bakuli, anamwaga vitunguu kwenye shimo la taka, anakwenda ndani kwa haraka.

Ona kwamba Sele hakumwambia mama yake kitu. Anacheza tu. Zuhura amejisikia mwenyewe, na uamuzi ni wake. Ona pia kilichomwagwa ni vitunguu viwili. Ukimfanya amwage sufuria ya pilau, kijiji kizima kitasikitikia mchele na hakuna atakayekumbuka sabuni. Uso kujikunja ni sehemu ya skripti, uuandike, usimwachie mwigizaji aamue. Kinyaa kinaambukiza kwa kuonwa usoni.

Dakika ya nne Zuhura ananawa, na hapa usikubali mhariri akate. Kusugua kwa sabuni kunahitaji sekunde 20 hivi: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za vidole na kucha. Ukianzia kulowesha hadi kumaliza kusuuza, Shirika la Afya Duniani linasema sekunde 40 hadi 60. Mhariri wa mjini ataona sekunde 20 za povu ni ndefu mno na atakuachia tatu, na mtazamaji atajifunza kunawa kwa sekunde tatu, maana anaiga anachokiona. Zijaze hizo sekunde kwa mazungumzo. Bibi amerudi, anamimina maji kutoka kwenye birika, wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu wageni. Bibi anafunga birika Zuhura akisugua, anamimina tena akisuuza. Hivyo watu wa maji ya kubeba kichwani wanaona kwamba jambo lenyewe halimalizi ndoo. Maji yamiminwe, yasiwe ya kuchovya kwenye beseni moja la wote. Mwisho Zuhura anaikung'uta mikono ikauke kwa hewa. Asijifute kwenye khanga aliyovaa tangu asubuhi.

Katika mazungumzo hayohayo Zuhura analeta suluhisho mwenyewe: "Mama, sabuni hii leo hairudi chini ya kitanda." Bakari anatoboa kipande cha sabuni kwa msumari, wanapitisha kamba, wanakining'iniza kwenye mti kando ya choo, na juu yake wanafunga kifuu cha nazi kama kofia, mvua isiipate na kunguru asione. Chini yake dumu la maji na kata. Usianze hapa kufundisha kibuyu chirizi. Ni chombo kizuri, kile cha dumu la kukanyagia kwa mguu, lakini ujenzi wake una hatua zake na utakula dakika mbili. Anayetaka kipande cha sabuni kisiibwe unaweza kumwonyesha kwa sekunde chache jirani mwenye chupa ya lita 1.5 ya maji yaliyochanganywa gramu 30 za sabuni ya unga, kifuniko kimetobolewa. Hakuna anayeiba maji ya sabuni. Ila kama dakika zimekubana, hiki ndicho cha kwanza kukata.

Dakika ya tano mshenga anaomba msalani. Tunamwona akitoka, anakiona kifuu, anakiinua, ananawa, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akirudi mkekani anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Nyumba hii ina wenyewe." Ujumbe haukutamkwa, umetendwa, na malipo yake ni heshima mbele ya wakwe. Hakuna haja ya cheti wala makofi.

Dakika ya sita pilau na kachumbari mpya vimeandaliwa. Bibi anatoka chooni. Sele anasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni: "Bibi! Ukitoka chooni?" Bibi anamtazama. Kimya cha sekunde tatu, kamera kwenye uso wa Bibi. Andika hizo sekunde tatu kwenye skripti kwa herufi kubwa, kwa sababu ndani yake uwanja mzima utajibu. Kisha Bibi anainua mikono yake miwili iliyojaa povu.

Hesabu sasa: swali na jibu kamili vimesikika mara mbili tu ndani ya hadithi, nusu mara mbili, na mara mbili hakuna aliyesema. Hata hivyo ujumbe umepita katika kila dakika. Hakuna msimulizi. Kama shirika linataka sauti ya mwisho, mpe Bibi aulize watazamaji: "Na wewe, sabuni yako inakaa wapi?" Swali hilo ndilo la kuanzia mjadala taa zikiwashwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima karibu milioni mbili kwa redio, lakini redio haikuachwa peke yake. Watu walikaa vikundi vyenye kiongozi, wakasikiliza, wakajadili, wakakubaliana la kufanya kwao. Omba mhudumu wa afya wa jamii awepo, na apewe swali hilo moja tu.

Kabla hujapiga picha, jaribu skripti. Nenda Rufiji na karatasi na picha sita zilizochorwa au kupigwa kwa simu, moja kwa kila dakika. Kaa na akina mama wachache, siku nyingine na akina baba, uwasimulie. Usiulize "mmeelewa?" Wataitikia ndiyo kwa adabu. Mwombe mmoja amsimulie hadithi mtu ambaye hakuwepo, wewe nyamaza usikilize. Akisimulia kachumbari na sabuni kuhamishwa, skripti inafanya kazi. Akisema "ni habari ya kunawa mikono", ujumbe wako bado ni mpana. Akisema "Zuhura alikuwa mchafu", umemkosea mhusika. Ongeza usafi wake mwanzoni, aonekane akifagia, akifunika maji. Akiuliza kwa nini kitunguu kimemwagwa, ule uso kwenye shoti ya karibu haujafanya kazi yake. Na kama wanacheka mahali ambapo hukutegemea, uliza kwa upole wanacheka nini, mara nyingi ni lafudhi. Waigizaji wa Sinza wakiongea Kirufiji cha kuigiza kinasikika kilomita moja. Ni bora mwigizaji aongee Kiswahili chake cha kawaida, au umtafute bibi wa hukohuko; wapo wenye kipaji wasiotaka kufundishwa.

Andika pia ukikumbuka itakapoonyeshwa. Ni usiku, uwanja wa shule, shuka jeupe, jenereta inanguruma, watoto mbele, wanaume wamesimama nyuma. Kila jambo la msingi lionekane kwa macho hata asiyesikia aelewe, sini zote ziwe za mchana kweupe, na maandishi ya kwenye skrini yasibebe ujumbe, kwa sababu wengine hawasomi na wengine wako mbali. Ndani ya choo usiingie na kamera; mlango unaofunguka na kopo vinatosha. Baadaye tengeneza kipande kifupi cha dakika ya tatu peke yake kwa ajili ya simu, kikiwa chepesi, ndicho watakachorushiana.

Vibali usivisahau hadi siku ya mwisho. Kupiga filamu kunasimamiwa na Bodi ya Filamu, ujumbe wa afya upitishwe na watu wa Elimu ya Afya kwa Umma wa Wizara ya Afya, na kijijini uanze kwa mtendaji na afisa afya wa kata. Wapelekee skripti iliyokwisha kujaribiwa, pamoja na maelezo ya watu uliowasimulia. Mkubwa akitaka kuongeza zile nyakati nne zilizobaki, maelezo hayo yatakutetea kuliko hoja zako.

Na wiki chache baada ya maonyesho, usitume dodoso linalouliza "unanawa kwa sabuni?" Kila mtu ananawa akiulizwa. Pita nyumba kadhaa, omba ruhusa ya kutumia choo, ukitoka tazama kando yake. Kuna maji? Kuna sabuni, na imelowa au imekauka ikapasuka? Iandike pale pale kwenye daftari, nyumba kwa nyumba, halafu fanya hivyohivyo kwenye kijiji cha jirani ambacho hakijaona video.